Nafasi zimeongezeka, tawi letu limepungukiwa

*Shikamoo mwalimu. Mimi ni katibu wa tawi la Ziwani katika chama chetu cha akiba na mikopo. Tuna matawi matatu: Sokoni wanachama 604, Stendi 592, na sisi 204. Kamati ilikuwa na wajumbe 10, wawili wakitoka kwetu. Mkutano mkuu ukaongeza nafasi moja, zikawa 11. Hakuna mwanachama aliyeingia wala kutoka, na kanuni ya kugawa ni ileile ya baki kubwa. Tumerudishiwa majibu kwamba sasa tuna mjumbe mmoja! Nafasi ziongezeke halafu sisi tupungue, inawezekanaje? Tumeibiwa?*

Marahaba, ndugu katibu. Nimeirudia hesabu yenu kwa kalamu, kisha nikairudia kwa kikokotoo, na imetoka vilevile. Aliyehesabu hakukosea na hakuiba. Lakini nanyi mna haki ya kulalamika, kwa sababu kasoro mliyoigusa ni ya kweli. Imo ndani ya kanuni yenyewe, na iliwahi kuwatoa jasho wabunge wa Marekani zaidi ya miaka 100 iliyopita. Tuipitie polepole, maana wanachama wako watataka kuiona kwa macho yao kabla ya kukubali.

Kanuni ya baki kubwa huanza kwa kutafuta kitu ambacho mimi hukiita bei ya kiti. Unachukua jumla ya wanachama, unaigawanya kwa idadi ya nafasi. Ninyi mko 1,400, nafasi zilikuwa 10, kwa hiyo kiti kimoja kiligharimu wanachama 140. Kila tawi linanunua viti vizima kadiri wanachama wake wanavyotosha. Sokoni walichukua viti 4, vikala wanachama 560, wakabaki 44. Stendi nao walichukua 4, wakabaki 32. Ninyi mlichukua kimoja, kikala 140, mkabaki 64. Hapo vimetoka viti 9, na kimoja kiko mezani bila mwenyewe. Kanuni inasema kiti cha mezani anapewa mwenye baki kubwa kuliko wenzake. Baki ya 64 ilikuwa yenu, basi mkakichukua. Sokoni 4, Stendi 4, Ziwani 2.

Sasa weka nafasi 11. Wanachama ni walewale 1,400, kwa hiyo bei ya kiti inashuka hadi 127 na robo hivi. Sokoni wanachukua viti 4 na kubaki na wanachama karibu 95. Stendi wanachukua 4 na kubaki na karibu 83. Ninyi mnachukua kimoja na kubaki na karibu 77. Viti vizima vilivyotoka ni 9 tena, ila sasa mezani vimebaki viwili. Mwenye baki kubwa ya kwanza ni Sokoni, wa pili ni Stendi. Sokoni 5, Stendi 5, Ziwani 1.

Tazama hapo kwa makini, maana ndipo siri ilipo. Baki yenu haikupungua. Ilikuwa 64, ikapanda hadi 77. Tatizo ni kwamba za wenzenu zilipanda zaidi: ya Sokoni iliruka kutoka 44 hadi 95, na ya Stendi kutoka 32 hadi 83. Bei ya kiti ilishuka kwa wanachama kama 13. Sokoni walikuwa wananunua viti 4, kwa hiyo waliokoa 13 mara nne, karibu wanachama 51. Ninyi mlikuwa mnanunua kimoja, mkaokoa 13 tu. Ni kama bei ya unga inaposhuka shilingi 100 kwa kilo: anayenunua gunia anarudi nyumbani na chenji nyingi, anayenunua kilo moja anarudi na shilingi 100 yake. Na kwa kuwa viti vya mezani hugawiwa kwa kuangalia nani kabaki na chenji nyingi, mnunuzi mkubwa akakupiteni.

Ili uone kwamba jambo hili halina mwelekeo wa kueleweka kwa macho, jaribu nafasi 12. Bei ya kiti inakuwa karibu 117. Sokoni na Stendi kila mmoja ananunua viti 5, na wote wawili wanaishiwa: Sokoni wanabaki 21 hivi, Stendi 9. Ninyi mnanunua kimoja na kubaki na 87. Kiti kimoja kiko mezani, na ni chenu bila ubishi. Sokoni 5, Stendi 5, Ziwani 2. Kwa nafasi 10 mna wawili, kwa 11 mna mmoja, kwa 12 mna wawili tena, na katika muda wote huo hakuna mwanachama hata mmoja aliyehama.

Jina la kitu hiki ni kitendawili cha Alabama. Baada ya sensa ya mwaka 1880 Marekani ilihitaji kugawa viti vya Baraza la Wawakilishi kwa majimbo kulingana na watu, na njia iliyokuwa ikitumika tangu miaka ya 1850 ilikuwa hiihii ya baki kubwa. Ukubwa wa baraza ulikuwa bado haujaamuliwa. Karani mkuu wa ofisi ya sensa, Seaton, akafanya kazi ya kutoa mgawo kwa kila ukubwa, kuanzia viti 275 hadi 350. Alipofika 299, Alabama ilipata viti 8. Alipoongeza kimoja kuwa 300, Alabama ikapata 7.

Kwa viti 299, haki ya Alabama ikihesabiwa kwa desimali ilikuwa 7.646, ya Texas 9.640 na ya Illinois 18.640. Alabama ilikuwa mbele kwa unywele, ikachukua kiti cha mwisho. Kwa viti 300, Alabama ilipanda hadi 7.671, lakini Texas ikafika 9.672 na Illinois 18.702. Ukiangalia sehemu iliyo baada ya nukta, Illinois ndiye wa kwanza, Texas wa pili, na Alabama ikaachwa nyuma kwa tofauti ya moja ya elfu. Majimbo mawili makubwa yakaongeza kiti kila moja, na kiti cha pili kilitoka mfukoni mwa Alabama. Ni kisa chenu kitupu: Illinois ni Sokoni, Texas ni Stendi, Alabama ni Ziwani.

Mwaka ule wabunge waliukwepa mgogoro. Walichagua baraza la viti 325, ukubwa ambao njia ya baki kubwa na njia pinzani iliyokuwa ikijadiliwa zilitoa jibu moja. Lakini ugonjwa haukutibiwa, na miaka 20 baadaye ulirudi ukiwa mbaya zaidi. Baada ya sensa ya 1900 yalitolewa majedwali ya viti 350 hadi 400. Katika majedwali hayo Colorado ilipata viti 3 kwa kila ukubwa isipokuwa mmoja tu. Kwa viti 357 ilipata 2. Mwenyekiti wa kamati iliyoshughulikia mgawo akaleta mswada, na ukubwa aliopendekeza ulikuwa 357. Wabunge wa Colorado na wa Maine, ambayo nayo viti vyake vilikuwa vikipanda na kushuka kati ya 3 na 4, waliwaka. Bunge liliukataa mswada huo, likaamua viti 386 na kuhesabu kwa njia nyingine.

Kisa cha Colorado nakitaja kwa sababu kinaonyesha hatari iliyo kubwa kuliko bahati mbaya. Katika chama chenu sina sababu ya kudhani kuwa kuna mtu aliyepanga. Lakini kanuni ambayo nafasi moja zaidi inaweza kumnyang'anya mtu kiti ni kanuni inayomruhusu mwenye kikokotoo kukaa usiku, kujaribu 9, 10, 11, 12, 13, halafu asubuhi akapendekeza kwenye mkutano ile namba inayomfaa, akisema tu kwamba kazi zimekuwa nyingi. Wanachama watapiga makofi kwa kuongezewa wawakilishi. Hakuna atakayejua kilichofanyika mpaka majina yasomwe.

Labda sasa unajiuliza kwa nini basi njia hii bado ipo. Ipo kwa sababu ina uzuri ambao nyingine hazina, na uzuri huo huonekana vizuri zaidi pale ukubwa wa baraza umeshawekwa na haubadiliki. Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo huitumia kugawa viti vya wabunge kwa orodha za vyama, katika maeneo yenye kiti zaidi ya kimoja. Ujerumani iliitumia tangu uchaguzi wa 1987 hadi wa 2005. Mimi nikifundisha hupenda zaidi mfano wa Namibia wa Novemba 1989, kwa sababu kura zake zinajulikana zote na hesabu inaingia kwenye karatasi moja.

Ulikuwa uchaguzi wa bunge la katiba chini ya usimamizi wa Umoja wa Mataifa, uliowarudisha nyumbani watu wa SWAPO, ambao baadhi yao waliwahi kupita Dar es Salaam na kambi ya Kongwa. Viti vilikuwa 72 na kura halali 670,830. Bei ya kiti, basi, ilikuwa kura 9,317. SWAPO ilikuwa na kura 384,567, ikanunua viti 41 na kubaki na sehemu ya kiti, 0.28. DTA ilikuwa na 191,532, ikanunua 20 na kubaki na 0.56. UDF ikapata 4 na baki ndogo sana. ACN, kwa kura 23,728, ikanunua 2 na kubaki na 0.55. NPF na FCN kila kimoja kikapata kiti 1 na baki kidogo. Halafu kulikuwa na NNF, chama kidogo chenye kura 5,344 tu. Hazikufika bei ya kiti hata kimoja, lakini kama baki zilikuwa 0.57. Vyama vingine vitatu vilikuwa chini zaidi, kikubwa chao kikiwa na 0.34.

Viti vizima vilivyotoka ni 69, vitatu vikabaki mezani. Baki kubwa tatu ni za NNF, DTA na ACN, kwa mpangilio huo. Matokeo ya mwisho yakawa SWAPO 41, DTA 21, UDF 4, ACN 3, na NPF, FCN na NNF kiti kimoja kimoja. Katiba ilihitaji theluthi mbili ya bunge, yaani wajumbe 48, na hakuna chama kilichokuwa nazo peke yake. Ilibidi watu wazungumze.

Kuna mambo mawili ya kuona hapo. La kwanza ni kwamba hakuna chama kilichotoka nje ya haki yake. Aliyestahili 41 na kitu alipata 41 au 42, aliyestahili 20 na kitu alipata 20 au 21. Njia ya baki kubwa haiwezi kumpa yeyote zaidi ya hapo au chini ya hapo, na huo ndio uzuri niliousema. La pili ni kwamba wadogo hawamezwi. Nimejaribu kura zilezile kwa njia ya D'Hondt, ambayo nchi nyingi huitumia, nikapata SWAPO 43, ACN 2 na NNF sifuri. Viti vya mezani ambavyo njia ya baki iliwapa wadogo wawili, D'Hondt inampa mkubwa vyote viwili.

Hata hivyo uzuri huo una gharama yake. NNF ilipata kiti chake kwa kura 5,344, wakati kila kiti cha SWAPO kiligharimu kura karibu 9,380. Kiti cha mezani ni rahisi kuliko kiti cha bei kamili. Wanasiasa wakishagundua hivyo, hugawa chama chao katika orodha kadhaa ndogo ili kila orodha iende kuvizia kiti cha bei rahisi. Hong Kong, walikotumia njia hii kuanzia 1998, vyama vilizoea kuingia na orodha mbili au tatu katika eneo moja.

Usidhani hilo ni la vyama vya siasa peke yake. Rudi kwenye chama chenu, na nafasi 10 zilezile za zamani ambapo Ziwani mlikuwa na wawili. Tuseme Sokoni wanajigawa kuwa matawi madogo matano, manne yenye watu 121 na moja lenye 120. Hakuna tawi hata moja kati yao linalofika bei ya kiti ya 140, kwa hiyo hatua ya kwanza wanaondoka mikono mitupu. Stendi wanachukua 4, ninyi kimoja. Viti vitano viko mezani. Na sasa baki za Sokoni ni 121, 121, 121, 121 na 120, wakati yenu ni 64. Wanavichukua vyote vitano. Walikuwa na wajumbe 4, sasa wana 5, na aliyelipa ni Ziwani. Kwa hiyo siku mtakaposikia hoja ya kufungua matawi mapya "ili kusogeza huduma", ulizeni kwanza wajumbe watagawanywaje.

Na matawi mapya yana kitendawili chao hata yasipokuwa na hila. Oklahoma ilipoingia Marekani mwaka 1907 ilistahili viti 5, na baraza likaongezwa viti 5 hivyohivyo, kutoka 386 hadi 391. Mtu angetarajia majimbo mengine yasiguswe. Lakini ukirudia hesabu ya baki kubwa kwa sensa ileile, New York inashuka kutoka 38 hadi 37 na Maine inapanda kutoka 3 hadi 4. Mgeni kaja na kiti chake mwenyewe, na bado wenyeji wawili wamebadilishana viti.

Sasa mfanye nini? Najua utashawishika kusimama mkutanoni na kudai nafasi ziwe 12, kwa kuwa 12 inawarudishia mjumbe wenu. Nakusihi usifanye hivyo. Ukifanya hivyo utakuwa umetumia mlango uleule wa Colorado, na mwakani mwingine ataupitia. Kitu cha kudai ni kanuni isiyo na mlango huo.

Ipo, na haihitaji hesabu ngumu. Chukua wanachama wa kila tawi uwagawanye kwa 1, kisha kwa 3, kwa 5, kwa 7, kwa 9, na kuendelea kwa namba witiri. Inajulikana kama njia ya Webster au Sainte-Laguë, na ndiyo Wajerumani waliyohamia mwaka 2009 walipoiacha ya baki kubwa. Kwa Sokoni unapata 604, 201.3, 120.8, 86.3 na 67.1. Kwa Stendi unapata 592, 197.3, 118.4, 84.6 na 65.8. Kwa Ziwani unapata 204, 68.0 na 40.8. Halafu unazipanga zote kwa foleni moja, kubwa mbele. Kila namba ni kiti, na unahesabu mpaka nafasi ziishe.

Ukiipanga foleni hiyo utakuta namba tisa za kwanza zimewapa Sokoni 4, Stendi 4 na ninyi 1. Ya kumi ni 68.0, ambayo ni yenu. Ya kumi na moja ni 67.1 ya Sokoni, na ya kumi na mbili ni 65.8 ya Stendi. Kwa hiyo kamati ya 10 ni 4, 4, 2, ya 11 ni 5, 4, 2, na ya 12 ni 5, 5, 2. Nafasi ikiongezwa, anayeipata husimama nyuma ya waliokwishapata. Wa mbele hawaguswi, kwa sababu hakuna tena mezani pa kugombea upya. Kitendawili cha Alabama hakiwezi kutokea hapa, wala kile cha Oklahoma.

Haki inanitaka niseme na upungufu wake. Njia hii haina ule uhakika kwamba kila mmoja atabaki kati ya namba ya chini na ya juu ya haki yake. Makundi yakiwa mengi, na moja likiwa kubwa sana, inaweza kutokea likapata kiti nje ya mipaka hiyo, ingawa ni nadra. Kwa matawi matatu kama yenu haitokei. Wanahisabati wawili, Balinski na Young, walithibitisha kwamba huwezi kupata vyote: njia inayomweka kila mtu ndani ya mipaka hiyo siku zote, siku moja itamnyang'anya kiti anayekua na kumpa anayepungua. Lazima mchague ni kasoro ipi mnaweza kuishi nayo. Kwa kamati ambayo wanachama wake huongezeka na kupungua kila mwaka, na ambayo ukubwa wake hujadiliwa mara kwa mara, mimi ningechagua foleni. Kwa baraza ambalo ukubwa wake umefungwa kwenye katiba na hauguswi, baki kubwa inatosha, na wadogo wataishukuru.

Kama mkutano utaikataa foleni na kubaki na baki kubwa, basi wekeni angalau mambo haya kwenye kanuni zenu. Idadi ya nafasi iamuliwe kabla ya tarehe ya kufunga daftari la wanachama, wakati hakuna mtu anayejua namba kamili za kila tawi. Idadi hiyo isibadilishwe katikati ya muhula. Tawi jipya lisihesabiwe peke yake mpaka lifike bei ya kiti kimoja. Kabla ya hapo lihesabiwe pamoja na tawi lililolizaa. Na muandike kabisa kwamba baki zikilingana itapigwa kura ya bahati mbele ya mkutano, kwa sababu siku ya sare si siku nzuri ya kutunga kanuni.

Kwa sasa, kabla hujaenda kwenye mkutano, omba karatasi ya hesabu yenyewe, usiridhike na majibu yaliyosomwa. Hakikisha jumla iliyogawanywa ni 1,400, ile ile inayopatikana ukijumlisha matawi yote. Niliwahi kuitwa kusuluhisha chama kimoja cha wafanyakazi ambako bei ya kiti ilipatikana kwa daftari la mwaka uliopita na matawi yakahesabiwa kwa daftari jipya, na viti vizima peke yake vikazidi nafasi zilizokuwepo. Kisha angalia kama desimali zimekatwa mapema. Kumbuka Alabama na Texas: 7.671 na 9.672. Karani angekatia kwenye tarakimu mbili, yote mawili yangesomeka 0.67 na watu wangegombana kuhusu sare ambayo haikuwepo. Kuepuka hilo, usitumie asilimia kabisa. Zidisha wanachama wa tawi kwa idadi ya nafasi, ndipo ugawanye kwa jumla. Kwa Ziwani ni `204 × 11 ÷ 1400`, inatoka 1.603. Kwa Sokoni ni 4.746, kwa Stendi 4.651. Ziandike tatu hizo ubaoni mbele ya wanachama, chini yake andika zile za nafasi 10, ambazo ni 1.457, 4.314 na 4.229, na waache wasome wenyewe sehemu iliyo baada ya nukta.